Safari ya Chakula Mwilini: Kuoanisha Viungo na Kazi Zake

Wanafunzi wengi wa shule za msingi katika Kaunti ya Kajiado hurudi nyumbani na zoezi kuhusu mfumo wa kumeng'enya chakula. Zoezi hilo huwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza, mwanafunzi anaoanisha kila kiungo na kazi yake. Katika ya pili, anapanga njia ambayo chakula hupitia kuanzia mdomoni hadi kinapotoka kama choo. Lifuatalo ni zoezi la aina hiyo ambalo mzazi anaweza kulifanya pamoja na mtoto, na baada yake ni majibu, makosa yanayojitokeza mara kwa mara, na jinsi majibu hayo yanavyosaidia nyumbani mtoto anapoharisha.

Sehemu ya kwanza: Oanisha kiungo na kazi yake

Viungo:
A. Mdomo
B. Umio
C. Mfuko wa tumbo
D. Ini
E. Kongosho
F. Utumbo mwembamba
G. Utumbo mpana

Kazi:
1. Hutengeneza nyongo inayosaidia kuvunja mafuta.
2. Hufyonza maji yaliyobaki na kukusanya kinyesi.
3. Hutafuna chakula na kukilainisha kwa mate.
4. Humwaga ndani ya utumbo maji yanayovunja wanga, protini na mafuta.
5. Hufyonza virutubisho na kuviingiza katika damu.
6. Husukuma chakula kutoka kooni kwenda chini.
7. Hukoroga chakula pamoja na asidi.

Sehemu ya pili: Panga kwa mfuatano

Utumbo mpana, umio, puru, mdomo, utumbo mwembamba, njia ya haja kubwa, mfuko wa tumbo.

Majibu

Sehemu ya kwanza: A–3, B–6, C–7, D–1, E–4, F–5, G–2.

Sehemu ya pili: mdomo, umio, mfuko wa tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, puru, njia ya haja kubwa.

Mahali watoto wanapokosea

Kosa la kwanza linatokana na neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku, tumbo ni eneo lote kuanzia chini ya mbavu hadi kiunoni. Mtoto akiulizwa chakula huingia wapi baada ya kumezwa, atagusa kitovu chake. Mfuko wa tumbo uko juu zaidi, upande wa kushoto, na sehemu yake imefunikwa na mbavu. Karibu na kitovu kuna utumbo mwembamba.

Kosa la pili ni kuliweka ini na kongosho katika njia ya chakula. Chakula hakipiti ndani ya viungo hivyo. Ini hutengeneza nyongo, na kongosho hutengeneza maji yake ya kumeng'enya. Vyote viwili hutiririka kupitia mirija midogo hadi mwanzo wa utumbo mwembamba na kukikuta chakula huko. Ndiyo maana viungo hivi vipo katika sehemu ya kwanza ya zoezi lakini havipo katika ya pili.

Kosa la tatu huwapata watoto walioshuhudia mbuzi au ng'ombe akichinjwa. Wanyama hao wanaocheua wana mfuko wenye vyumba vinne, na chakula kilicho katika chumba cha kwanza hurudi mdomoni kutafunwa upya. Binadamu ana mfuko mmoja tu, na chakula chake husonga mbele bila kurudi, isipokuwa anapotapika.

Kosa la nne ni kudhani kwamba utumbo mwembamba ni mfupi kuliko mpana. Majina hayo yanaeleza unene. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6, na ule mpana takribani mita 1.5. Urefu huo una sababu: hapo ndipo kazi kubwa ya kufyonza inapofanyika.

Mfano: sahani ya ugali na maharagwe

Mtoto anapotafuna ugali, mate huanza kuuvunja wanga papo hapo. Tonge likimezwa, misuli ya umio hulisukuma hadi katika mfuko wa tumbo kwa sekunde chache. Huko, protini ya maharagwe huanza kuvunjwa huku chakula kikikorogwa na asidi kwa saa kadhaa hadi kinakuwa kama uji. Uji huo hutolewa kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, ambapo nyongo na maji ya kongosho humaliza kuuvunja. Wanga wa ugali umekuwa sukari nyepesi, nayo huingia katika damu kupitia ukuta wa utumbo. Maganda ya maharagwe yasiyovunjika huendelea hadi utumbo mpana.

Maji hufyonzwa wapi?

Kazi namba 2 huwafanya wengi waamini kwamba maji yote hufyonzwa katika utumbo mpana. Sivyo. Kila siku, takribani lita 8 hadi 9 za majimaji huingia utumbo mwembamba wa mtu mzima. Sehemu yake ni maji aliyokunywa, lakini nyingi ni mate, asidi, nyongo na maji ya kongosho. Utumbo mwembamba hurudisha sehemu kubwa mwilini, na lita moja au moja na nusu tu ndiyo hufika utumbo mpana. Hatimaye, maji yanayotoka na choo cha kawaida hayajazi glasi moja.

Mtu akipata kipindupindu, sumu ya vijidudu hivyo huufanya utumbo mwembamba umwage maji na chumvi kwa wingi. Utumbo mpana hauwezi kuyarudisha yote, na mwili hukauka kwa saa chache. Mlipuko uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ulifika pia Kaunti ya Kajiado.

Hata hivyo, utumbo mwembamba unaoharisha huendelea kufyonza sukari na chumvi zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Hiyo ndiyo kazi ya dawa ya ORS. Pakiti ichanganywe na kiasi kamili cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kuwa nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Kama hakuna pakiti, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, na sukari ikizidi huvuta maji zaidi kuingia utumboni. Kwa sababu hiyo soda haifai.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, na mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anyonyeshwe na alishwe kama kawaida.

Mtoto apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu iwapo macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, amelegea, hawezi kunywa, choo kina damu, au anaharisha maji mengi mfululizo. Aendelee kupewa ORS njiani.