Uso Tu, au Kichwa Kizima?

Mteja anakuja studio na picha mbili. Moja ni ya familia, imepigwa juzi: watoto wamesimama, baba yao mdogo yuko katikati. Nyingine ni ya zamani, ya marehemu baba yao. Anaomba baba aonekane pale aliposimama baba mdogo, ambaye alikubali kukaa hapo kwa kusudi hilohilo. Fundi ana njia mbili: abadili uso, au abadili kichwa kizima.

Kubadili uso siku hizi hufanywa na programu. Modeli inayotumika sana katika programu za bure inaitwa inswapper_128. Yenyewe haikati uso wa baba na kuubandika. Programu inatafuta macho mawili, ncha ya pua na pembe mbili za mdomo, halafu inaufupisha uso wa baba kuwa orodha ya namba 512 zinazobeba sura yake. Kisha inachora uso mpya juu ya ule wa baba mdogo, ukiwa umeelekea alikoelekea yeye, ukitabasamu kama yeye, na mwanga ukiupiga upande uleule. Ndiyo maana rangi ya ngozi na vivuli hukubaliana bila fundi kuhangaika sana.

Lakini programu haigusi kinachouzunguka uso. Mstari wa nywele, masikio, upana wa kichwa na, kwa kiasi kikubwa, umbo la taya hubaki vya baba mdogo. Kama baba alikuwa na kipara na uso mrefu, na mdogo wake ana nywele nyingi na mashavu mapana, watoto watasema mtu huyu anafanana na baba. Hawatasema ni baba. Sura ya mtu tunayemfahamu tunaitambua kwa umbo la kichwa pia, ndiyo maana tunamjua hata akiwa mbali.

Kuna na suala la ukubwa. Hiyo 128 kwenye jina la modeli ni idadi ya pikseli kila upande wa uso inaochora. Uso mdogo kwenye picha ya watu kumi hutoka vizuri. Ukiujaza kwenye picha kubwa ya ukutani unafifia, na programu za kuunoa, kama GFPGAN, zinaweza kulainisha ngozi hadi kovu au mikunjo ambayo watoto waliizoea ikapotea.

Kubadili kichwa hutunza vyote hivyo, maana nywele, masikio, taya na mara nyingi shingo vinatoka kwenye picha ya baba mwenyewe. Kwa hiyo kama sura ni ya kujulikana kwa umbo, mimi ningechagua njia hii, ingawa kazi yake ni nzito. Sasa mwelekeo na mwanga vinatoka kwa baba. Akiwa alipigwa mwanga ukitoka kushoto, na familia ina jua la kulia, hakuna kurekebisha rangi kutakakoficha hilo. Kugeuza picha kama kioo kunaweza kusaidia mwanga, ila kunahamisha alama ya kuzaliwa hadi shavu jingine, na mkewe ataiona mara moja.

Kiungo kigumu ni shingo. Mkato upitie ukingo wa kola, usipite katikati ya ngozi, na kivuli cha kidevu kichorwe upya juu ya shati. Ukubwa wa kichwa upimwe kwa mabega: kwa mwanamume mzima, mabega yanakaribia upana wa vichwa vitatu. Mwisho, picha ya zamani ina chengachenga, ya sasa haina. Chenga kidogo ziongezwe kwenye picha nzima, la sivyo kichwa kitaonekana kimetoka kwingine.

Kuna hali inayopunguza tatizo. Kama baba mdogo amevaa kofia na kanzu, mstari wa nywele umefichwa, na kubadili uso pekee kunaweza kutosha, mradi mataya yao yanakaribiana. Kwenye video nayo uso hushinda, maana kichwa kinageuka kila wakati na kukiunganisha na shingo kwa kila fremu ni mateso. Katika filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, mwigizaji mbadala aliyening'inia darini aliinua uso kuelekea kamera, na uso wa Ariana Richards ukawekwa juu ya wake kwa kompyuta. Mwili, nywele na mwendo vilibaki vya mbadala.

Ukitaka kukagua kazi ya uso, tazama ukingo wa taya, fremu ya miwani, na mkono uliopita mbele ya mdomo. Kwa kazi ya kichwa, anza na shingo, kisha ukungu mweupe kuzunguka nywele.

Na kama tatizo ni bibi kufumba macho tu kwenye picha ya harusi, usimwekee uso wa programu. Chukua kichwa chake pamoja na mtandio kutoka picha iliyofuata sekunde chache baadaye. Mwanga ni uleule na shingo ni yake.