Fahamu: Kusoma tangazo la nyumba ya kupanga Ujerumani

Kijana wa Loliondo anayekwenda kusoma Ujerumani akiona `2 ZKB, KM 600 €, NK 150 €, Kaution 3 MM, EBK`, ajue 2 ZKB ni vyumba 2, jiko na bafu. KM ni kodi tupu. NK ni gharama za ziada, kama maji na taka. Bajeti yake basi ianzie euro 750 kwa mwezi, na umeme kwa kawaida hulipiwa kando.

Dhamana

Kaution ndiyo dhamana, na MM ni kodi ya mwezi. Sheria hairuhusu dhamana izidi kodi tupu ya miezi 3, hapa euro 1,800, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3 kuanzia upangaji unapoanza. Atakayesema wateja ni wengi, kwa hiyo utume pesa zote kabla ya kuiona nyumba, mwepuke.

Samani

EBK ni jiko lenye makabati yake. Bila alama hiyo, huenda ukakuta bomba na ukuta. Nyumba yenye samani huandikwa `möbl.`