Barua mbili za mtoa mada

Tuseme chama cha wafuga nyuki mjini Arusha kinataka mhadhiri kutoka Nairobi aje azungumzie magonjwa ya nyuki. Katibu anaandika barua: kumbukumbu namba, YAH: MWALIKO, "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya tatu za heshima. Mwishoni anamalizia kwamba gharama zote zitagharimiwa na waandaaji. Mhadhiri anajibu kuwa amepokea na atafika. Hapo kila upande unaamini mambo yamekwisha, kumbe hakuna kilichokubaliwa isipokuwa nia.

Kazi hii huhitaji barua mbili. Ya kwanza inaomba. Inamweleza mgeni atazungumza nini, mbele ya nani, siku gani, na chama kina uwezo wa kumlipa kiasi gani. Ni vizuri pia iseme wazi kuwa anaalikwa kama mtoa mada, si mgeni rasmi, kwa kuwa mgeni rasmi hufungua mkutano, akahutubia kidogo na kuondoka. Ya pili, ya uthibitisho, huandikwa baada ya mgeni kukubali na pande mbili kuelewana. Hiyo ndiyo atakayoishika mhasibu siku ya malipo.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo inayoangusha wengi. Kenya na Tanzania zina majira yaleyale, lakini kalenda ya simu ya mhadhiri inasoma 14:00 pale katibu anaposema saa nane. Barua ikiandika "saa 8:00" bila neno "mchana", mgeni anaweza kuwa ukumbini asubuhi, saa sita kabla ya zamu yake. Ikiandika "10:00" tupu, yule aliyezoea saa za Kiswahili atakuja jioni. Kwa hiyo andika hivi: Alhamisi, tarehe 19 Novemba 2026, saa 8:00 mchana (14:00) hadi saa 8:40 mchana (14:40), dakika 25 za mada na 15 za maswali. Jina la siku nalo si pambo. Tarehe ikikosewa, siku na tarehe hazitalingana, na mgeni atauliza mapema.

Kisha fedha. Shilingi ya Kenya ina thamani ya karibu mara ishirini ya shilingi ya Tanzania, kwa hiyo "shilingi milioni moja" bila kutaja nchi ni ugomvi unaosubiri siku yake. Halafu kuna kodi ya zuio. Sheria ya Tanzania humtaka anayemlipa mtu asiye mkazi kwa huduma iliyotolewa nchini akate asilimia 15 na kuipeleka TRA. Mhadhiri aliyeahidiwa shilingi 1,000,000 za Tanzania atapokea 850,000. Kama walielewana kwamba milioni nzima iingie mfukoni mwake, chama lazima kitenge takriban 1,176,500, maana ni asilimia 85 ya kiasi hicho ndiyo inayofikia milioni. Barua iseme ni kipi kati ya hivyo viwili, italipwa siku gani na kwa njia ipi, na kwamba mgeni atapewa cheti cha kodi iliyokatwa. Katibu asiyependa kutaja kodi kwa kuona haya atalazimika kuitaja baadaye, mbele ya mgeni aliyekwisha kukasirika.

Safari ina mtego wake. Nairobi hadi Arusha kupitia Namanga ni kilomita zipatazo 270, na muda wa kusubiri mpakani hautabiriki. Mgeni anayezungumza saa nane mchana asisafiri asubuhi ya siku hiyo. Hapa ndipo lile neno "zitagharimiwa" linapofichua udhaifu wake. Badala yake: chama kitakata tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, kitalipa hoteli moja kwa moja kwa usiku wa tarehe 18 na 19, na mwanachama fulani, ambaye namba yake imeandikwa, atampokea stendi. Chakula cha njiani je? Andika kiasi, au andika kwamba ni juu yake. Na mkutano ukiahirishwa wakati tiketi imeshakatwa, nani anabeba hasara?

Kuhusu vifaa, usimwulize mgeni anahitaji nini. Wengi hujibu "projekta tu". Mwambie kilichopo: projekta ina tundu la HDMI, kipaza sauti ni cha mkononi, intaneti haipo ukumbini. Hapo atakumbuka mwenyewe kwamba kompyuta yake ina tundu la USB-C pekee na inahitaji kiunganishi, au kwamba video aliyokusudia kuifungua mtandaoni aje nayo kwenye flashi.

Chini ya barua ya pili weka mahali pa saini ya mgeni na tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Nakala iliyosainiwa mpe mhasibu. Mshereheshaji anahitaji ile aya ya saa peke yake.