Kutafsiri kifungu cha usuluhishi kwa Kichina: makao, kanuni na lugha

Katika mikataba ya biashara, kifungu cha usuluhishi huwa kifupi, lakini ndicho kinachoamua mgogoro utapelekwa wapi. Tuchukue mfano wa mkataba baina ya mnunuzi wa Dar es Salaam na mwuzaji wa Guangzhou. Kifungu chake cha Kiswahili kinasema:

«Migogoro yote itokanayo na mkataba huu itapelekwa kwenye usuluhishi, Hong Kong, kwa kufuata kanuni za kimataifa. Lugha itakuwa Kiingereza.»

Kwa msomaji wa Kiswahili maana inaonekana wazi. Mfasiri, hata hivyo, hukutana na mashaka manne.

Neno «usuluhishi». Neno hili hubeba dhana mbili. Katika jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, usuluhishi ni hatua ya kuwapatanisha wahusika, na uamuzi ni hatua inayotoa hukumu inayowafunga. Katika mikataba ya biashara ya kimataifa, usuluhishi mara nyingi ni hiyo hatua ya pili. Kichina kinatenganisha dhana hizo: 调解 (tiaojie) ni upatanishi, ambao hauwalazimishi wahusika kufikia mwafaka, 仲裁 (zhongcai) ni usuluhishi unaoishia kwenye tuzo ya mwisho. Mfasiri akiandika 调解, mkataba haumpi msuluhishi mamlaka ya kuamua.

Kanuni na taasisi. Maneno «kanuni za kimataifa» hayatoshi. Sheria ya Usuluhishi ya China ya mwaka 1994, katika Kifungu cha 16, ilitaka makubaliano yaitaje tume ya usuluhishi iliyochaguliwa. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Watu ya China ilijibu swali kuhusu mkataba wa kampuni ya Kijerumani na kampuni ya Wuxi, uliotaja kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara na mji wa Shanghai tu. Jibu lilikuwa kwamba makubaliano hayo ni batili, kwa kuwa hayakutaja taasisi. Kwa hiyo taasisi na kanuni zitajwe kila moja kwa jina lake kamili la Kichina. Jina la kanuni huwekwa ndani ya alama 《》, zinazoonyesha kuwa ni hati mahususi, si kanuni zozote. Mfasiri hana mamlaka ya kuchagua taasisi; asipoikuta katika matini chanzi, awaulize wahusika kabla ya kuendelea.

Makao ya usuluhishi. Katika mfano wetu, «Hong Kong» huenda ni mahali wahusika watakapoketi, au makao ya kisheria ya usuluhishi. Tofauti ni kubwa, kwa sababu makao ndiyo yanayoonyesha sheria inayosimamia mwenendo na mahakama inayoweza kuibatilisha tuzo. Vikao vinaweza kufanyika Dar es Salaam ilhali makao yakabaki Hong Kong. Kichina huita makao 仲裁地 (zhongcai di), na mahali pa vikao 开庭地点 (kaiting didian). Tafsiri kama 在香港仲裁, yaani «kusuluhisha huko Hong Kong», huurudisha utata uleule. Marekebisho ya sheria ya China yaliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2026 yanayatambua makao kwa istilahi hii ya 仲裁地, nayo ndiyo inayofaa.

Lugha. «Lugha itakuwa Kiingereza» haielezi kama ni lugha ya mkataba au ya mwenendo. Iandikwe 仲裁语言 (zhongcai yuyan), yaani lugha ya usuluhishi. Aidha, kiambishi -ta- katika «itakuwa» hakitabiri jambo lijalo, bali kinaweka wajibu. Kwa hiyo kinafaa 应 (ying), «lazima», si 将 (jiang), ambayo kwa kawaida huonyesha wakati ujao.

Tuseme wahusika wamethibitisha kwamba wanakusudia Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Hong Kong, kanuni zake, na makao Hong Kong. Tafsiri itakuwa hivi:

因本合同引起的或与本合同有关的任何争议，均应提交香港国际仲裁中心，按照提交仲裁通知时有效的《香港国际仲裁中心机构仲裁规则》以仲裁方式最终解决。仲裁地应为香港。仲裁语言应为英语。

Makao na lugha vimepewa sentensi zake, ili kimoja kisimezwe na kingine. Maneno 提交仲裁通知时有效的, «zinazotumika wakati notisi ya usuluhishi inapowasilishwa», yanaonyesha ni toleo lipi la kanuni litakalofuatwa iwapo kanuni zitabadilishwa baada ya mkataba kutiwa saini.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kumpa mtu wa pili matini ya Kichina peke yake, kisha kumwuliza: ni taasisi gani, kanuni zipi, makao wapi, lugha ipi? Jibu lolote linaloanza na «huenda» linaonyesha sentensi inayopaswa kuandikwa upya. Jibu likitofautiana na matini ya Kiswahili, Kiswahili nacho kirekebishwe kwa idhini ya wahusika, ili matoleo mawili yasije yakapingana mbele ya msuluhishi.