Tribinali inaweza kuvunja kontra ya Serikali?

Katika somo la siasa mwanafunzi mumoja wa darasa la tano aliuliza hivi: «Kama Serikali inatoa kazi ya kujenga daraja kwa kompanyi moja, na kompanyi ingine inaona kwamba ilionewa, itaenda kulia wapi? Serikali njo inatoa kazi, Serikali njo inalipa. Nani atailaumu?» Kengele ililia mbele ya kupata jibu. Basi tujaribu hapa.

Kwanza tuelewe kazi ya zuzi katika mambo haya. Serikali ikitaka kununua kitu kikubwa, inatangaza, na wafanya biashara wanaleta bei zao katika bahasha. Sisi tunaita hiyo apelo dofre. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema zabuni. Mutu akishitaki, zuzi hachagui kompanyi anayoipenda. Hapimi kama simenti ya huyu ni nzuri kupita ya yule. Anauliza tu: Je, njia ya sheria ilifuatwa? Kama haikufuatwa, anaweza kuvunja uamuzi na kurudisha kazi kwa mwenye kununua, aanze tena. Hiyo ni kama mwalimu anayevunja mtihani kwa sababu maulizo yaliuzwa. Hasemi nani angekuwa wa kwanza; anasema mtihani ufanywe upya.

Sasa mfano wa kweli, wa Kenya: njia mpya ya gari la moshi toka Mombasa mpaka Nairobi, kilometa 472 hivi. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilipatana na kompanyi ya Wachina, China Road and Bridge Corporation, ifanye uchunguzi wa njia bila malipo. Mwaka 2012 shirika la reli la Kenya likaipa kompanyi ileile kontra za kujenga na za kuleta mashini. Hakukuwa bahasha, hakukuwa washindani. Jumla ya bei ilikuwa shilingi bilioni 327 za Kenya. Kisha, katika mwezi wa tano wa 2014, mkopo wa benki ya Serikali ya China ukatiwa sahihi.

Mapema katika mwaka ule wa 2014, Bwana Okiya Omtatah, ambaye hakuwa mfanya biashara wala hakuleta bahasha yoyote, alishitaki kama raia. Chama cha maavoka kilishitaki vilevile. Walishika Katiba ya Kenya ya 2010, artikle 227: manunuzi ya Serikali yawe ya haki, ya wazi, ya kushindaniwa, na yasipoteze mali.

Jibu la Serikali lilikuwa hili: sheria ya manunuzi ya 2005 ilisema kwamba kama masharti yake yanapingana na mapatano ya Kenya na inchi ingine, sheria inashinda, isipokuwa katika mikopo na misaada iliyojadiliwa. Mkopo ni wa Wachina, na Wachina wametaka kompanyi yao. Kwa hiyo hakuna apelo dofre.

Angalieni vizuri hapa, maana kesi nzima inakaa juu ya tarehe. Mwezi wa kumi na moja wa 2014, zuzi Isaac Lenaola wa Tribinali Kuu alikataa mashitaka. Lakini tarehe 19 mwezi wa sita 2020, mazuzi watatu wa Tribinali ya Rufani walisema kinyume. Hoja yao ni nyepesi, hata mwanafunzi wa darasa la kwanza angeiona: kontra ni ya 2012, mkopo ni wa 2014. Namna gani mkopo wa 2014 unaweza kulazimisha uchaguzi uliokwisha kufanywa 2012? Kompanyi ilichaguliwa kwanza, sharti likafuata nyuma. Basi wakatamka kwamba shirika la reli lilivunja Katiba na sheria ya manunuzi.

Neno moja la kando. Mashahidi makubwa ya Bwana Omtatah yalikuwa barua za ndani ya biro za Serikali, ambazo watu walimpa kwa siri. Zuzi Lenaola aliziondoa katika kesi, na Tribinali ya Rufani ilikubali hivyo. Walisema Katiba inampa raia haki ya kuomba barua za Serikali. Aziombe kwa njia hiyo. Mimi naona ni jambo gumu, kwa maana mwenye kuficha njo wewe unaenda kumuomba. Lakini mwenye kushitaki inafaa alijue mbele: karatasi ya kweli iliyopatikana kwa njia mbaya inaweza kutupwa inje.

Na sasa uchungu wenyewe. Wakati wa uamuzi wa 2020, gari la moshi lilikuwa linabeba watu tangu mwezi wa tano wa 2017. Zuzi angefanya nini, ang'oe reli? Alibaki na kutamka tu. Kisha, mwezi wa sita 2023, Tribinali ya juu kabisa ya Kenya ikavunja uamuzi ule wa 2020: ikasema kazi hii ilitoka katika mapatano ya serikali na serikali, kwa hiyo mlango ule wa sheria ya 2005 uliifaa. Miaka tisa, majibu matatu, na reli ileile.

Kwa hiyo sheria nyingine ya Kenya, ya mwaka 2015, inahesabu siku. Aliyeleta bahasha na kushindwa ana siku 14 za kupeleka malalamiko kwa baraza la kuchunguza zabuni. Baraza lina siku 21 za kujibu. Asiyekubali ana siku 14 za kwenda Tribinali Kuu, nayo ina siku 45. Kisha siku 7 za rufani, na siku 45 za mwisho. Jumlisheni: siku 146, hazifiki miezi tano. Na jambo kubwa kupita yote, kontra haitiwi sahihi mbele ya zile siku 14 za kwanza kwisha, na malalamiko yakifika barazani, kazi inasimama. Zuzi anakuta karatasi, hakuti reli. Lakini mwenye kuchelewa siku moja, hata kama ana haki, mlango umefungwa.

Kwetu Kongo je? Sheria ya tarehe 27 mwezi wa ine 2010 juu ya masoko ya Leta inafungua njia inayofanana. Aliyeondolewa analalamika kwanza kwa biro yenyewe iliyotangaza kazi. Asiporidhika anapanda kwa mamlaka ya Kinshasa inayosimamia masoko hayo, ndiyo wanaita ARMP. Baadaye anaweza kumufikia zuzi wa mambo ya Serikali. Kama uamuzi ni wa ministre, ni Baraza la Leta, Konsey Deta. Kama ni wa guvernere wa provinsi, ni tribinali ya rufani ya mambo ya Serikali. Na kutoa kazi mkono kwa mkono bila apelo dofre, ile wanaita gre a gre, kunaomba ruhusa ya pekee ya direksio ya kuchunguza masoko.

Tuseme basi daraja la yule mwanafunzi ni juu ya Luvua, na guvernere njo ametoa kazi. Kompanyi iliyoonewa isikimbilie kwa zuzi siku ya kwanza. Iandike kwa biro iliyotangaza kazi, ibaki na kopi yenye kashe na tarehe ya kupokelewa. Bila kopi ile, siku ya kupanda juu haitaonyesha kwamba ilianza chini, wala kwamba ilianza kwa wakati.