Maduka manne, stoo moja: kwa nini matairi 20 yanafanya kazi ya 40

Tuseme unauza matairi ya bodaboda Githurai, Ruiru, Juja na Thika. Kila duka huuza wastani wa matairi 30 kwa wiki, na mzigo mpya hufika Jumatatu. Lakini kuna wiki wateja wanazidi, kwa hivyo kila duka linaweka 10 ya ziada. Hiyo ni akiba ya matairi 40.

Sasa hebu fikiria: ni mara ngapi maduka yote manne yanaishiwa wiki moja? Ni nadra. Thika ikichangamka, Ruiru huenda imepoa, na lile pungufu la hapa linafidia zidisho la kule. Kila duka likijiwekea akiba yake, unalipia siku mbaya nne ambazo hazitokei pamoja.

Ndiyo maana akiba ikiwekwa pamoja hatujumlishi 10 mara nne. Tunatumia kipeuo cha pili cha idadi ya maduka. Kipeuo cha 4 ni 2, kwa hivyo 10 × 2 = 20. Duka lenye nafasi, mathalan Ruiru, linashika matairi hayo 20, na mengine yanaagiza yakipungukiwa. Kama tairi moja umelinunua kwa shilingi 2,000, shilingi 40,000 zimetoka kwenye rafu zikarudi mfukoni. Yale 30 ya kawaida hayapungui. Hesabu hii inagusa akiba tu.

Kama akiba hazilingani, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo. Thika ikiwa na 15 na mengine 5 kila moja, unapata 225 + 75 = 300, na kipeuo chake ni kama 17. Bila kuunganisha ungeweka 30.

Mtego uko hapa: hesabu inadhani kila duka lina mapigo yake. Ikiwa mvua au msimu fulani unapandisha mauzo kote kwa pamoja, hakuna duka la kumfidia mwenzake, na utahitaji karibu zile 40 zote. Kabla ya kuhamisha chochote, chukua taarifa ya tili ya kila duka, panga mauzo ya wiki 12 kando kwa kando, uone kama wiki kubwa zinaangukiana. Kumbuka tili inaonyesha pesa, si bidhaa, kwa hivyo andika pia idadi ya matairi kwenye daftari.

Halafu kuna safari. Mwendesha boda mwenye tairi lililopasuka hatasubiri mzigo utoke Ruiru saa mbili nzima. Atavuka barabara kwa jirani yako. Acha mawili au matatu kila duka, na upige hesabu ya nauli: ikiwa kila wiki unatuma mara nyingi, ile 40,000 uliyookoa itaanza kuliwa na usafiri.