Kosa lina njia yake

Unaposahihisha kujumlisha kwa kubeba, usiishie kuweka mkasi. Jibu lenyewe linaonyesha mtoto alipopotea. Chukua 47 + 38. Saba na nane ni 15: tano inaandikwa kwenye mamoja, moja inabebwa kwenye makumi, na jibu ni 85.

Aliyeandika 75 amesahau kuongeza moja aliyoibeba. Mwenye 715 ameandika 15 yote chini ya mamoja. Mwenye 121 ameandika moja na kubeba tano; huyu ndiye wa kukaa naye, kwani hajaona kwamba moja ile ni kumi zima. Mpe vijiti 15, afunge kumi kwa raba, kisha aseme vilivyobaki vinaandikwa wapi.